KUHESABU SIKU KUANZIA MWISHO
Somo kwa Bodi na Watendaji wa Vyama vya Msingi Juu ya Maombi ya Ruzuku

Tangazo la ruzuku linapofika katika ofisi ya chama cha msingi, jambo la kwanza ambalo kila mtu hulitazama ni tarehe iliyoandikwa chini kabisa: siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ikiwa imebaki miezi miwili, bodi hupumua na kusema kwamba muda ungalipo. Andiko huanza kuandikwa polepole, makisio ya fedha huachwa hadi wiki ya mwisho, na barua za idhini hutafutwa siku tatu kabla ya kufunga. Ndipo inapogunduliwa kwamba karatasi moja haiwezi kupatikana kwa siku tatu, hata kama katibu atalala ofisini.

Madhumuni ya somo hili ni kuonyesha namna ya kuhesabu siku kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ipatikane siku ambayo kazi haina budi kuanza. Hesabu hiyo ikifanywa vema huonyesha jambo ambalo wengi hawalitazamii: siku ya mwisho ya kweli kwa chama si ile iliyochapwa katika tangazo. Ni siku ya mwisho ya kubandika notisi ya mkutano mkuu, nayo yaweza kuwa miezi miwili kabla ya ile ya tangazo.

1. MFANO UTAKAOTUMIKA

Tuseme kuna chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye kituo cha kumenyea na kuoshea kahawa. Mashine ya kumenyea imechakaa, inavunja punje, na vichanja vya kuanikia havitoshi wakati wa msimu. Mfuko mmoja wa Ulaya umetangaza ruzuku isiyozidi shilingi 60,000,000 kwa kila chama, kwa sharti kwamba chama kichangie fedha taslimu zisizopungua asilimia 20 ya gharama yote ya mradi. Maombi yatapelekwa kwa njia ya intaneti, na yafike kabla ya saa 12:00 ya mchana kwa majira ya Brussels, siku ya Ijumaa tarehe 30 Oktoba. Mfano umepangwa kwa kalenda ya Tanzania ya mwaka 2026.

Mfuko unadai viambatisho vinne: hesabu zilizokaguliwa, hati za bei za vifaa, muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha mradi pamoja na mchango wa chama, na barua ya ofisi ya Mrajis Msaidizi wa mkoa inayothibitisha kwamba chama kimeandikishwa na kinaendeshwa kwa mujibu wa sheria.

Masharti ya chama hiki yanasema kwamba notisi ya mkutano mkuu itolewe siku 21 kamili kabla ya mkutano, na ajenda zitajwe humo. Akidi isipotimia, mkutano huahirishwa kwa siku 7. Vyama hutofautiana katika jambo hili. Kwa hiyo kila chama kifungue kitabu chake chenyewe cha masharti kabla ya kuanza kuhesabu.

2. SWALI LINALOTANGULIA HESABU

Kabla ya kugusa kalenda, bodi ijiulize: kati ya viambatisho vinavyotakiwa, kuna chochote ambacho hakipo na hakiwezi kupatikana kwa juhudi ya chama peke yake? Hapa kinachotazamwa kwanza ni hesabu zilizokaguliwa. Ukaguzi hufanywa na mkaguzi wa nje, kama vile Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambalo lina ratiba yake na vyama vingi vya kukagua. Ikiwa hesabu za mwaka unaotakiwa hazijakaguliwa, na mkaguzi hajapanga siku ya kufika, andiko zuri kiasi gani halitaziba pengo hilo. Ni afadhali bodi ijue jambo hili siku ya kwanza kuliko kulijua baada ya mikutano mitano na safari tatu za mjini.

Katika mfano wetu hesabu zimekwisha kukaguliwa. Basi tuchukue kalenda.

3. KURUDI NYUMA HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kuifasiri saa. Matangazo ya Umoja wa Ulaya hutaja saa kwa majira ya Brussels, na mfuko wa mfano wetu umefuata desturi hiyo. Saa za Ulaya hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa kiangazi chao Brussels iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba huwa nyuma kwa saa mbili. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ni tarehe 25, siku tano kabla ya kufunga. Kwa hiyo saa 12:00 ya mchana kule ni saa 8 mchana kwetu. Katibu aliyepiga hesabu mwezi Agosti angepata saa 7, na kosa hilo lisingemdhuru. Bali linapotokea mwezi Machi, saa zinaposogezwa mbele, aliyezoea tofauti ya saa mbili hujikuta amechelewa kwa saa nzima. Kadhalika katibu asisome 12:00 akadhani ni saa 12 jioni, kwa kuwa Waswahili huhesabu saa tangu macheo na Wazungu tangu usiku wa manane.

Hatua ya pili ni kuweka siku ya kupeleka, ambayo haiwi siku ya kufunga. Chama kinapanga kupeleka Jumanne tarehe 27 Oktoba. Siku tatu zinazobaki ni za kukatika kwa umeme, kwa mtandao unaolemewa na waombaji wengi wa dakika za mwisho, na kwa faili linalokataliwa kwa kuwa ni kubwa mno. Akiba haiozi, siku hizo zisipotumika hakuna hasara.

Hatua ya tatu ni ukaguzi wa mwisho wa karatasi, ambao umetengewa Alhamisi tarehe 22 hadi Jumatatu tarehe 26 Oktoba. Maana yake kila kiambatisho kiwe mezani ifikapo Jumatano tarehe 21.

Hatua ya nne ni barua ya ofisi ya Mrajis Msaidizi. Chama kimezoea kwamba barua ya namna hiyo huchukua siku 10 za kazi, kwa kuwa faili hupitia kwa afisa ushirika kabla ya kusainiwa. Siku za kazi si siku za kalenda. Ukirudi nyuma kutoka tarehe 21 Oktoba utaondoa Jumamosi na Jumapili, na utaondoa pia Jumatano tarehe 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere, ambapo ofisi hufungwa. Kwa hiyo maombi ya barua, pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu, yawe yamekabidhiwa Jumatatu tarehe 5 Oktoba.

Hatua ya tano ni mkutano mkuu. Muhtasari unahitaji siku chache za kuandikwa, kusomwa na kusainiwa na mwenyekiti na katibu. Hivyo mkutano wa mwisho unaoweza kufaa ni wa Jumamosi tarehe 26 Septemba. Lakini huo hauwezi kuwa mkutano wa kwanza, maana akidi isipotimia siku hiyo hakuna siku nyingine. Mkutano wa kwanza uitishwe Jumamosi tarehe 19 Septemba, na tarehe 26 iwe ya akiba.

Hatua ya sita ni notisi. Siku 21 kamili haziihesabu siku ya kubandika wala siku ya mkutano yenyewe. Kutoka tarehe 19 Septemba kurudi nyuma, siku hizo 21 ni tarehe 29 Agosti hadi 18 Septemba. Notisi ibandikwe Ijumaa tarehe 28 Agosti.

Hatua ya saba ni bodi. Notisi haina budi kutaja kiasi cha fedha ambacho wanachama wataombwa kuidhinisha, kwa maana mkutano hauwezi kupitisha mchango ambao kiasi chake hakijajulikana. Basi bodi iwe imekwisha kupitisha makisio kabla ya notisi. Mwaka huo sikukuu ya Maulidi inatazamiwa kuangukia katikati ya wiki hiyo hiyo, kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Kwa sababu hiyo bodi inakutana mapema, Jumatatu tarehe 24 Agosti.

Hatua ya nane ni bei. Bodi haiwezi kupitisha makisio bila hati za bei, ambazo wafanyabiashara huziita profoma. Wauzaji watatu wapewe wiki mbili za kujibu. Barua za kuomba bei zitoke Ijumaa tarehe 7 Agosti, majibu yafike Ijumaa tarehe 21.

Hatua ya tisa ni maelezo ya kitaalamu ya kitu kinachotakiwa. Muuzaji hawezi kutoa bei ya mashine bila kujua inatakiwa kumenya kilo ngapi kwa saa, na itaendeshwa kwa umeme au kwa dizeli. Kazi hiyo ya kupima, kuuliza wahudumu wa kituo na kutazama vitabu vya mapokezi inahitaji wiki moja. Basi kazi ianze Jumatatu tarehe 3 Agosti.

Zikipangwa kwa ufupi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, tarehe ni hizi:

Oktoba 30, Ijumaa, saa 8 mchana: kufungwa kwa maombi.
Oktoba 27, Jumanne: kupeleka.
Oktoba 22 hadi 26: ukaguzi wa mwisho.
Oktoba 21, Jumatano: viambatisho vyote viko mezani.
Oktoba 5, Jumatatu: muhtasari na maombi ya barua vinakabidhiwa mkoani.
Septemba 26, Jumamosi: mkutano wa akiba.
Septemba 19, Jumamosi: mkutano mkuu.
Agosti 28, Ijumaa: notisi inabandikwa.
Agosti 24, Jumatatu: bodi inapitisha makisio.
Agosti 21, Ijumaa: hati za bei zinafika.
Agosti 7, Ijumaa: barua za kuomba bei zinatoka.
Agosti 3, Jumatatu: kazi inaanza.

4. JAMBO LINALOFUNDISHWA NA HESABU HII

Tazama tarehe 28 Agosti. Baada ya siku hiyo hakuna bidii ya mtu yeyote itakayorudisha siku 21 za notisi. Chama kitakachopata tangazo tarehe 1 Septemba kitaona siku 59 mbele yake, na wengi watasema ni nyingi. Kwa kweli kimechelewa, ikiwa kinataka kupita njia hii yote pamoja na akiba zake.

Kazi za aina mbili zimechanganyika katika orodha hiyo. Ziko kazi ambazo watu wakiongezwa, au wakikesha, hufupishwa: kuandika, kupiga chapa, kunakili. Na ziko siku za kungoja, ambazo hazifupishwi na mtu aliye ndani ya chama: notisi, barua ya mkoa, majibu ya wauzaji. Kosa la kawaida ni kupanga ratiba kwa kazi za aina ya kwanza na kuzisahau za aina ya pili. Kanuni ni kuziweka siku za kungoja kwanza katika kalenda, kisha kazi za kuandika zijaze nafasi zilizobaki.

Ndiyo maana uandishi haukutajwa katika orodha. Nafasi yake imo ndani ya kungoja. Siku 21 za notisi ndizo siku za kuandika andiko. Siku 10 za barua ya mkoa ndizo siku za kulisafisha.

5. MAKISIO HUTANGULIA MANENO

Aghalabu watu huandika maelezo marefu kwanza, kisha hutafuta tarakimu za kuyafuata. Ratiba iliyo hapo juu inalazimisha kinyume chake, na hivyo ndivyo inavyofaa. Makisio ya chama cha mfano wetu ni haya:

Mashine ya kumenyea pamoja na mota: 38,000,000
Usafirishaji na ufungaji: 5,500,000
Vichanja 40 kwa shilingi 450,000 kila kimoja: 18,000,000
Ukarabati wa matangi na mifereji ya kuoshea: 9,000,000
Mafunzo ya wahudumu: 2,000,000
Usimamizi na ukaguzi wa hesabu za mradi: 2,500,000
Jumla: 75,000,000

Kati ya hizo, mfuko unaombwa 60,000,000 na chama kinachangia 15,000,000.

Mambo matatu huharibu makisio ya namna hii. La kwanza ni kusoma asilimia vibaya. Tangazo linasema asilimia 20 ya gharama yote, wala si asilimia 20 ya ruzuku. Aliyechukua asilimia 20 ya 60,000,000 atapata mchango wa 12,000,000 na jumla ya 72,000,000. Lakini 12 katika 72 ni chini kidogo ya asilimia 17, na ombi litakataliwa kabla ya kusomwa. Njia ya kuhakikisha ni kugawanya mchango kwa jumla, na si kwa kitu kingine.

La pili ni kodi. Hati ya bei yaweza kuwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake au isiwe nayo. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 18. Ikiwa zile 38,000,000 za mashine ni bei isiyo na kodi, na muuzaji akaiongeza siku ya kulipa, chama kitadaiwa 6,840,000 zaidi ambazo hazimo katika makisio wala katika azimio la mkutano. Mwekahazina aulize kwa maandishi kama kodi imo, na asome katika mwongozo wa mfuko kama ruzuku yaweza kulipia kodi.

La tatu ni umri wa bei. Hati iliyoandikwa tarehe 21 Agosti yenye kudumu siku 30 itakuwa imekufa tarehe 20 Septemba, siku 40 kabla ya maombi kufungwa. Barua ya kuomba bei itaje wazi kwamba bei idumu siku 90, yaani hadi tarehe 19 Novemba. Kwa kuwa uamuzi wa mfuko waweza kuchukua miezi zaidi, mwekahazina amwulize kila muuzaji bei inaweza kupanda kwa kiasi gani baada ya hapo, bodi ijue mapema.

6. MKUTANO MKUU SI MUHURI TU

Wako wanaodhani kwamba mkutano mkuu utapokea tu kilichopangwa na bodi. Lakini shilingi 15,000,000 ni fedha za wanachama, nao wana haki ya kuuliza zitatoka wapi: katika akiba ya chama, au katika makato ya kila kilo msimu ujao? Ikiwa ni makato, fedha hizo bado hazipo, ilhali mfuko unadai fedha taslimu. Bodi ifike mkutanoni ikiwa na jibu na salio la benki mkononi.

Wanachama waweza pia kupunguza kiasi. Tuseme wanakubali 12,000,000 tu. Hapo jumla ya mradi haiwezi kubaki 75,000,000. Ikiwa 12,000,000 ndiyo asilimia 20, jumla ni 60,000,000, na ruzuku itakayoombwa ni 48,000,000. Mradi umepungua kwa 15,000,000, wala si kwa 3,000,000 zilizokatwa na wanachama. Bodi yenye busara huandaa makisio ya pili kabla ya mkutano: kwa mfano vichanja 20 badala ya 40, vinavyopunguza 9,000,000, na ukarabati wa 3,000,000 badala ya 9,000,000. Wanachama wakionyeshwa makisio yote mawili wataelewa uzito wa kura yao.

Na hapa pana jambo zito zaidi. Chama kilichochelewa hujaribiwa kuandika muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, au kurudisha nyuma tarehe ya mkutano uliofanyika. Kufanya hivyo ni kughushi. Mfuko unaotoa fedha una haki ya kuja kutazama, na mtazamaji wa kwanza atakayefika ataomba orodha ya mahudhurio yenye saini, kisha atamwuliza mwanachama mmoja njiani kama alihudhuria. Ruzuku yaweza kudaiwa irudishwe ikiwa imekwisha kutumika, na waliosaini watajibu wao wenyewe. Kukosa ruzuku ya mwaka mmoja ni hasara ndogo kuliko hiyo.

7. ANDIKO LENYEWE

Andiko liandikwe na mtu mmoja, hata kama wanaotoa habari ni wengi. Rasimu ya kwanza ikamilike tarehe 11 Septemba, na wajumbe wa bodi watoe maoni yao hadi tarehe 18, kabla ya mkutano. Baada ya mkutano mwandishi huingiza mabadiliko, naye hana ruhusa ya kuongeza shughuli mpya ambayo haimo katika makisio yaliyopitishwa.

Kila shughuli iliyotajwa iwe na mstari wake katika makisio, na kila mstari wa makisio uwe na shughuli yake katika maelezo. Ikiwa andiko linaahidi mafunzo ya wakulima wote ilhali makisio yana 2,000,000 za kuwafunza wahudumu wa kituo, msomaji wa mfuko atauliza ni lipi la kweli. Maelezo ya tatizo yatoke katika vitabu vya chama: kilo za kahawa mbivu zilizopokewa katika misimu mitatu, siku ambazo mashine ilisimama, na kiasi kilichoshushwa daraja kwa punje zilizovunjika. Tarakimu hizo zinapatikana katika daftari la mapokezi na stakabadhi za mauzo, nazo zina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko. Muhtasari wa mbele, ambao husomwa kwanza, uandikwe mwisho.

8. UKAGUZI WA MWISHO

Ukaguzi ufanywe na mtu ambaye hakuandika andiko, kwa maana macho ya mwandishi husoma alichokusudia, si kilichoandikwa. Karatasi zote zichapwe na kuwekwa mezani kwa mfululizo. Mkaguzi atazame mambo machache kwa makini.

Kwanza, jumla. Kiasi cha ruzuku kimetajwa katika fomu, katika makisio, katika andiko na katika muhtasari wa mkutano. Pote pawe na tarakimu ile ile. Mahali pa kosa huwa ni fomu, kwa kuwa ilijazwa kabla ya mkutano.

Pili, jina. Jina la chama katika fomu liwe kama lilivyo katika hati ya kuandikishwa na katika akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Jina lililofupishwa kwa mazoea ya watu wa kijijini huleta shaka kwamba ni chama kingine.

Tatu, tarehe za hati. Hati za bei ziwe hai, barua ya mkoa iwe na saini na muhuri, na tarehe ya muhtasari isitangulie tarehe ya mkutano.

Nne, faili za kompyuta. Kila karatasi iliyopigwa picha ifunguliwe na isomwe hadi ukurasa wa mwisho. Kurasa zilizopinduka au zilizofifia zirudiwe. Ikiwa mfuko umeweka kikomo cha ukubwa wa faili, kipimwe mapema, si dakika ya kupeleka.

Baada ya kupeleka, kazi haijaisha mpaka ithibati ya kupokewa ionekane. Ithibati hiyo ichapwe na iwekwe katika jalada pamoja na nakala kamili ya ombi. Ikiwa haikuja tarehe 27, katibu anazo siku tatu za kuuliza. Hiyo ndiyo faida ya akiba iliyowekwa mwanzoni.

9. IKIWA HESABU INAONYESHA KWAMBA MUDA HAUTOSHI

Chama kilichopata tangazo tarehe 1 Septemba kifanye nini? Kitazame mambo matatu, kwa utaratibu huu. Masharti yake yanaruhusu mkutano mkuu maalumu kwa notisi fupi? Mfuko utakubali azimio la bodi kwa sasa na muhtasari wa mkutano mkuu baadaye? Swali hilo liulizwe kwa maandishi, kabla ya tarehe ambayo mfuko umeweka ya kupokea maswali. Na je, ofisi ya mkoa yaweza kuandaa barua huku ikingoja muhtasari?

Majibu yakiwa hapana, bodi iamue kuliacha tangazo hilo, iandike uamuzi huo katika kumbukumbu zake, na iendelee na hatua zisizotegemea tangazo: maelezo ya mashine, tarakimu za misimu mitatu, na azimio la mkutano mkuu wa mwaka linaloidhinisha mradi na kiwango cha juu cha mchango. Chama chenye azimio hilo jaladani hakitahitaji kungoja siku 21 tangazo lijalo litakapotoka. Bei zitaombwa upya, barua ya mkoa itaombwa upya, lakini hatua ndefu kuliko zote itakuwa imekwisha kupitwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Fungueni kitabu cha masharti ya chama chenu. Notisi ya mkutano mkuu ni siku ngapi, na akidi isipotimia masharti yanasemaje?

2. Ikiwa notisi ya chama cha mfano ingekuwa siku 14 kamili, na mkutano ukabaki tarehe 19 Septemba, notisi ingebandikwa lini kwa kuchelewa kabisa?

3. Wanachama wamekubali mchango wa 10,000,000 tu. Jumla ya mradi na ruzuku ya kuombwa haviwezi kuzidi kiasi gani?

4. Katika chama chenu, ni karatasi ipi iliyochukua siku nyingi kuliko zote kupatikana mwaka uliopita, nayo ilitoka mikononi mwa nani?

Majibu: Swali la 2, Ijumaa tarehe 4 Septemba. Swali la 3, jumla 50,000,000 na ruzuku 40,000,000. Maswali ya 1 na 4 majibu yake yamo katika majalada ya kila chama.